Bilioni 116 Zilizogeuka 87: Mhadhara juu ya Unyumbufu wa Mapato Yanayotozwa Kodi



Kila waziri wa fedha anapoandaa bajeti hukutana na swali hili: tukipandisha kodi ya wenye kipato kikubwa, tutapata fedha kiasi gani? Jibu la haraka halihitaji hata kikokotoo. Unachukua mapato waliyotangaza mwaka jana, unayazidisha kwa nyongeza ya kiwango, unaandika jumla. Kasoro ya jibu hilo ni moja, lakini ni kubwa. Linachukulia kwamba mwaka ujao watu wale wale watajaza ritani zao kwa tarakimu zile zile. Hawatafanya hivyo. Mapato yanayotozwa kodi hujikunja na kujinyoosha kadiri kiwango kinavyopanda na kushuka, na kipimo cha kujikunja huko ndicho wachumi wanachokiita unyumbufu wa mapato yanayotozwa kodi.

Kipimo chenyewe ni chepesi kueleza. Hatuangalii kodi inayokatwa, tunaangalia kile kinachobaki mkononi mwa mtu katika kila shilingi ya ziada anayoipata. Kodi ikiwa asilimia 40, zinabaki senti 60. Ikipanda hadi 50, zinabaki senti 50. Kutoka 60 hadi 50 ni punguzo la karibu asilimia 17. Sasa tunauliza mapato yaliyotangazwa yamepungua kwa asilimia ngapi, tunagawanya kwa hiyo 17. Yakipungua kwa asilimia 17, unyumbufu ni moja. Yakipungua kwa asilimia 3 na kidogo, ni 0.2. Yasipopungua kabisa, ni sifuri, na jibu la haraka la waziri litakuwa sahihi.

Leo nataka tukae na kisa kimoja tu, cha Uingereza kati ya mwaka 2009 na 2013. Nimekichagua kwa sababu mamlaka ya mapato ya nchi ile ilichapisha tathmini yake mwaka 2012, ikaonyesha hatua kwa hatua jinsi ilivyokokotoa, na kwa hiyo tunaweza kuifuata na kuihoji. Nina hoja moja ya kuitetea: tarakimu ya unyumbufu haielezi tabia ya binadamu peke yake. Inaeleza zaidi milango ambayo sheria ya kodi imeiacha wazi.

Tarehe 22 Aprili 2009, benki zikiwa bado mahututi na deni la serikali likipaa, Waziri wa Fedha Alistair Darling alisimama bungeni London akatangaza kwamba sehemu ya mapato ya mtu inayozidi pauni 150,000 kwa mwaka itatozwa asilimia 50 badala ya 40. Utekelezaji ungeanza 6 Aprili 2010, siku ambayo mwaka wa kodi wa Waingereza huanza. (Tarehe hiyo ya ajabu ni masalia ya mageuzi ya kalenda ya karne ya 18.) Angalieni nafasi iliyopo kati ya tangazo na utekelezaji. Ni karibu mwaka mzima. Mtu mwenye mapato makubwa alipewa taarifa ya miezi kumi na moja na nusu kwamba pauni atakayoipata baada ya tarehe fulani itakatwa zaidi kuliko pauni atakayoipata kabla yake.

Mfanyakazi wa kawaida asingeweza kufanya lolote na taarifa hiyo, kwa kuwa mshahara huja mwisho wa mwezi, si mwezi anaoutaka yeye. Lakini katika kundi la wanaozidi pauni 150,000 wengi hawaishi kwa mshahara peke yake. Wana bonasi, wana ubia katika ofisi za uwakili na uhasibu, wana kampuni zao wenyewe. Tumfuate mmoja wa mfano, mwenye kampuni ambayo hisa zote ni zake na mke wake, na ambaye mapato yake mengine tayari yamevuka 150,000. Kampuni imelimbikiza faida ya miaka kadhaa, na anaweza kujilipa gawio la pauni milioni moja. Kwa kanuni za wakati ule, baada ya kuhesabu nafuu iliyotolewa kwa gawio, akijilipa Machi 2010 anadaiwa robo ya fedha hiyo, yaani pauni 250,000. Akijilipa Aprili 2010, baada ya tarehe 6, anadaiwa pauni 361,000. Azimio la bodi ni karatasi moja, na bodi ni yeye na mke wake. Kuliandika Machi badala ya Aprili kunamwokolea pauni 111,000, na si kosa la jinai wala ujanja wa gizani. Sheria inasema gawio la namna hiyo hutozwa kodi siku linapolipwa, naye kachagua siku ya kulilipa.

Na kama kampuni inazihitaji fedha hizo kwa biashara? Hilo nalo lina jawabu ambalo kila mhasibu wa kampuni ndogo analijua. Mwenye kampuni anajilipa gawio, anakatwa kodi yake, halafu anaikopesha kampuni fedha zilizobaki. Kwenye vitabu, sasa kampuni inadaiwa na mwenye kampuni. Miaka inayofuata, anapohitaji fedha za matumizi ya nyumbani, hajilipi gawio jipya. Anarudishiwa mkopo wake polepole, na kurudishiwa mkopo si mapato, hakuna kodi. Kwa mamlaka ya mapato mtu huyu ataonekana kama aliyefilisika: mwaka 2009-10 katangaza mamilioni, miaka miwili au mitatu inayofuata katangaza kidogo sana. Kumbe anaamka saa ile ile, anafungua ofisi ile ile, anauza bidhaa zile zile. Naomba mkumbuke jambo la mkopo huu, kwa sababu ndilo litakalotusumbua tukianza kupima.

Matokeo yalikuja kama mlivyotarajia. Mamlaka ilikadiria kwamba kati ya pauni bilioni 16 na 18 za mapato zilivutwa nyuma na kuingizwa mwaka wa 2009-10 ili kuikimbia asilimia 50. Mapato yote ya kundi la wanaozidi 150,000 yalifikia pauni bilioni 116 mwaka huo. Mwaka uliofuata, wa kwanza chini ya kiwango kipya, yalishuka hadi bilioni 87.

Waliopinga kodi hiyo walizichukua tarakimu hizi mbili wakazipeperusha kama bendera. Walisema robo ya mapato ya matajiri imetoweka, na wenye vipaji wamefunga virago. Hebu tuzikokotoe kwa utulivu, kwa makadirio yangu ya mkononi ambayo si hesabu rasmi ya mamlaka. Kutoka 116 hadi 87 ni punguzo la asilimia 25. Tukigawanya kwa 17 yetu, unyumbufu unakuwa 1.5, na kwa unyumbufu huo kodi ya asilimia 50 ingekuwa hasara tupu kwa Hazina. Lakini ile 116 ilikuwa imevimba. Ndani yake kulikuwa na bilioni 17 hivi ambazo kwa kawaida zingekuja baadaye. Tukizitoa, mwaka wa kwanza unabaki na 99. Vilevile ile 87 ilikuwa imepungukiwa na sehemu ya fedha hizo hizo, zilizokuwa zimevutwa kutoka humo. Sehemu gani? Kama zote 17 zilitolewa mwaka 2010-11, basi mwaka huo kwa haki ungekuwa na 104, na mapato hayakushuka kabisa, yalipanda. Kama nusu tu ilitoka mwaka huo na nusu nyingine ikatoka miaka ya mbele, basi tunalinganisha 99 na 95.5, punguzo la asilimia tatu na nusu, na unyumbufu unakuwa kama 0.2.

Mnaona tulipofika. Takwimu ni zile zile mbili, na kwa kubadilisha dhana moja tu kuhusu lini fedha zilizovutwa zingekuja, tumetoka 1.5 hadi 0.2, na tumepita hata sifuri. Dhana hiyo inategemea kitu ambacho ritani hazikionyeshi, yaani yule mwenye kampuni atachukua miaka mingapi kujirudishia mkopo wake.

Kuna ugumu wa pili. Hata tukisafisha fedha zilizovutwa, bado tunahitaji kujua mapato ya kundi hili yangekuwa kiasi gani kama kodi isingepanda. Mwaka 2010 uchumi ulikuwa unajikongoja kutoka kwenye mporomoko, masoko ya hisa yalikuwa yanapanda tena, na mapato ya juu kabisa huyumba kuliko mapato ya chini. Mamlaka ilijaribu kulijibu hili kwa kuwaangalia majirani, watu wenye mapato kati ya 115,000 na 150,000, ambao hawakuguswa na kiwango kipya. Iliangalia jinsi mapato ya makundi haya mawili yalivyokwenda pamoja miaka iliyotangulia, ikachanganya na mwenendo wa uchumi na wa soko la hisa, ikakadiria mapato ya juu yangefika wapi. Pengo kati ya makadirio hayo na yaliyotangazwa, baada ya kuondoa fedha zilizovutwa, ndilo lililohesabiwa kuwa mwitikio wa kodi. Jibu lao lilikuwa unyumbufu wa 0.48. Kabla ya hapo Hazina ilikuwa imetumia 0.35 katika makadirio yake ya awali.

Njia hii ina mantiki, nami ningeitumia kama ningepewa kazi ile. Udhaifu wake ni kwamba imeegemea mwaka mmoja wa takwimu, na mwaka wenyewe ndio ulioathirika zaidi na fedha zilizovutwa. Zaidi ya hapo, majirani si mashahidi kamili. Mtu wa pauni 140,000 mara nyingi ni mshahara mtupu. Mtu wa milioni mbili ni hisa, bonasi na faida ya kampuni. Soko likipanda, wa pili anaruka, wa kwanza anasogea. Wachunguzi wa Taasisi ya Masomo ya Fedha ya London walioirudia hesabu hiyo baadaye wakiwa na takwimu za miaka zaidi walisisitiza jambo hilo hilo: jibu linabadilika sana kulingana na dhana unazoanza nazo.

Mtaniuliza kama tofauti kati ya 0.2 na 0.48 ina uzito wowote. Inao, tena mkubwa. Chukueni mtu wa pauni 375,000 kwa mwaka. Sehemu yake inayozidi mpaka ni 225,000, na kwa asilimia 40 anailipia pauni 90,000. Jibu la haraka la waziri ni kwamba kwa asilimia 50 atalipa 112,500, yaani nyongeza ya 22,500. Tuseme unyumbufu wake ni 0.2. Kinachobaki mkononi kimepungua kwa asilimia 17 hivi, kwa hiyo mapato yake yote, si ile sehemu ya juu tu, yanapungua kwa asilimia 3.3, sawa na pauni 12,500. Sehemu ya juu inabaki 212,500, nusu yake ni 106,250. Hazina imepata nyongeza ya 16,250. Si 22,500, lakini ni fedha ya maana.

Sasa tuseme unyumbufu wake ni 0.45, tarakimu ambayo Hazina iliishia kuitumia katika bajeti ya 2012. Mapato yanapungua kwa asilimia 7.5, pauni 28,125. Sehemu ya juu inabaki 196,875, nusu yake ni 98,437. Nyongeza imeshuka hadi pauni 8,400 na kidogo. Na hatujamaliza, maana pauni 28,125 zilizotoweka zingelipiwa pia michango ya bima ya taifa, ya mwajiri na ya mwajiriwa, ambayo kwa pamoja mwaka 2010-11 ilikuwa asilimia 13.8 kwa mapato ya kiwango hicho. Toa karibu 3,900 nyingine. Halafu mtu huyu ana fedha pungufu za kutumia madukani, kwa hiyo kodi ya ongezeko la thamani nayo inapungua. Nyongeza iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba tone moja la kosa katika makadirio linaifuta. Siri ya hesabu hii iko hapa: nyongeza ya kodi inapatikana kwenye senti 10 za juu tu, lakini kila pauni inayokimbia inaondoka na senti zake zote 50 na zaidi.

Ndivyo ilivyotokea mezani kwa George Osborne. Tarehe 21 Machi 2012 alitangaza kwamba kiwango kitashuka hadi 45 kuanzia 6 Aprili 2013. Bila kuhesabu mwitikio, hatua hiyo ingegharimu karibu pauni bilioni 3 kwa mwaka. Baada ya kuhesabu mwitikio kwa 0.45, gharama iliandikwa kuwa pauni milioni 100. Uamuzi mzima wa kisiasa, na kelele zote za bungeni siku ile, ulisimama juu ya tarakimu moja ambayo wenyewe walioitoa walieleza kwamba ina mashaka makubwa. Na kwa kuwa tangazo lilitolewa tena mwaka mzima kabla, mchezo ulirudiwa kinyumenyume. Yule mwenye kampuni wetu safari hii alisubiri. Gawio la pauni milioni moja likihamishwa kutoka Machi kwenda Aprili 2013 lilimwokolea pauni 55,000 na ushee.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba mapato yanayopungua ni kitu kimoja. Sivyo, na hapa ndipo mjadala wa kodi unapopotea njia mara nyingi. Mapato yaliyotangazwa yanaweza kupungua kwa sababu mtu kafanya kazi kidogo, au kwa sababu kayahamisha kwenda wakati mwingine au jina lingine, au kwa sababu kayaficha. Mchumi Joel Slemrod wa Chuo Kikuu cha Michigan ameonyesha mpangilio wa kawaida wa mwitikio huo. Kinachoitikia haraka na kwa nguvu zaidi ni wakati wa kupokea fedha. Kinafuata kile kinachofanyika kwenye vitabu vya hesabu, kama kubadili jina la mapato. Kazi yenyewe na uwekezaji wenyewe huitikia kidogo kuliko vyote.

Kazi hupungua lini basi? Mfano bora ninaoujua unatoka Uingereza hiyo hiyo, katika hospitali za umma. Kuanzia Aprili 2016, mtu ambaye mapato yake yalivuka kizingiti cha pauni 110,000, na ambaye akijumlishiwa ongezeko la pensheni alivuka 150,000, alianza kupunguziwa kiasi cha pensheni anachoruhusiwa kujiwekea kila mwaka bila kodi, kutoka 40,000 mpaka 10,000. Madaktari bingwa, wenye mpango mnono wa pensheni, waliangukia humo wengi. Daktari aliyekubali zamu ya ziada ya Jumamosi aliweza kuvuka kizingiti kwa pauni chache, na baadaye akaletewa ankara ya kodi kubwa kuliko malipo ya zamu yenyewe. Yaani alifanya kazi ili alipe. Daktari hana kampuni ya kuhamishia zamu yake wala hawezi kuifanya Machi akaitangaza Aprili. Mlango pekee aliokuwa nao ni kukataa zamu, nao walikataa, na wagonjwa wakasubiri upasuaji zaidi. Mwaka 2020 serikali ilikipandisha kizingiti cha chini hadi 200,000, na wengi wao wakatoka kwenye mtego.

Wekeni kisa cha daktari kando ya kisa cha mwenye kampuni. Daktari alipoitikia, taifa lilipoteza upasuaji. Mwenye kampuni alipoitikia, taifa halikupoteza bidhaa hata moja, na Hazina haikupoteza kila kitu, kwa kuwa gawio la Machi lililipiwa kodi, ingawa kwa kiwango cha zamani. Katika jedwali la mchumi wote wawili wanaweza kuwa na unyumbufu ule ule. Dawa zao ni tofauti kabisa. Wa kwanza unamtibu kwa kurekebisha kiwango kinachomuumiza. Wa pili unamtibu kwa kufunga mlango wa tarehe.

Kosa la kutotenganisha haya lilianza na uwanja wenyewe. Martin Feldstein wa Harvard, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1995, alifuatilia walipa kodi wa Marekani kabla na baada ya mageuzi ya 1986, yaliyoshusha kiwango cha juu kutoka asilimia 50 hadi 28. Mapato yaliyotangazwa na matajiri yaliongezeka mno, na unyumbufu aliokokotoa ulivuka moja. Ilionekana kwamba kushusha kodi kunaamsha kazi iliyolala. Lakini mageuzi yale yale yaliiweka kodi ya kampuni kwenye asilimia 34, juu ya kodi ya mtu binafsi ya 28. Biashara nyingi zilibadili sura ya kisheria, zikawa za aina ambayo faida haitozwi kwenye kampuni bali kwenye ritani ya mwenye hisa. Mapato yaliyoibuka upande wa watu binafsi kwa kiasi kikubwa yalikuwa yametoweka upande wa kampuni. Ukitazama ritani za watu peke yake unaona neema. Ukitazama pande zote mbili unaona uhamaji. Mwaka 2012, Emmanuel Saez, Slemrod na Seth Giertz walipopitia tafiti zote za Marekani, waliona makadirio ya kuaminika zaidi ya muda mrefu yako kati ya 0.12 na 0.40.

Kwa hiyo naomba mnielewe ninaposema kwamba unyumbufu ni zao la sheria. Slemrod na Wojciech Kopczuk waliliweka wazi mwaka 2002: serikali ina uwezo wa kuichagua tarakimu hii, kwa kupanua wigo wa kodi na kwa nguvu ya usimamizi. Kama Darling angetangaza kiwango Jumatano kikaanza Alhamisi, zile bilioni 16 hadi 18 zisingekuwa na pa kukimbilia. Kama gawio lingetozwa kodi kwa mwaka faida yake ilipopatikana, si siku linapolipwa, mwenye kampuni asingekuwa na sababu ya kuita bodi usiku. Kusema kwamba asilimia 50 haikuleta fedha Uingereza ni sahihi tu ukiongeza maneno haya: chini ya sheria ile, yenye milango ile, kwa tangazo lile la mwaka mzima.

Sasa nije nyumbani, maana jambo hili limekwisha kubisha hodi hapa kwetu. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023, kuanzia Julai ya mwaka huo, iliongeza ngazi mbili juu ya ile ya asilimia 30: 32.5 kwa sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 500,000 kwa mwezi, na 35 kwa inayozidi 800,000. Hebu tufanye hesabu ya mwenye kampuni wa Nairobi anayeamua ajilipe vipi shilingi 100 za juu kabisa. Akijilipa mshahara, zamani alibakiwa na shilingi 70, sasa anabakiwa na 65. Akiziacha ziwe faida, kampuni inalipa asilimia 30, zinabaki 70, halafu gawio linakatwa asilimia 5 ya zuio, shilingi 3.50, na anabakiwa na 66.50. Kabla ya Julai 2023 mshahara ulimfaa zaidi kwa shilingi 3.50. Baada yake gawio ndilo linalomfaa, kwa shilingi 1.50. Utaratibu umepinduka. Ongezeni tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya wa 2.75, ambavyo hukatwa kwenye mshahara bila ukomo na havigusi gawio, na pengo linapanuka.

Sisemi kwamba Wakenya wenye kampuni wamehama. Nasema mlango uliokuwa umefungwa kwa tofauti ya kiwango sasa uko wazi, na kwamba hili ni jambo la kupimwa, si la kubishaniwa vibarazani. Meneja wa benki anayelipwa 900,000 hana kampuni ya kuhamia, atabaki alipo na atakatwa. Mwenye kampuni anaweza kuhama. Kwa hiyo mapato ya PAYE ya ngazi ya juu yakionekana kudorora, mtu asikimbilie kuandika kwamba kodi imeua juhudi za Wakenya kabla hajaangalia kodi ya zuio kwenye gawio na kodi ya kampuni za miaka hiyo hiyo. Vikishuka vyote, kuna jambo zito. PAYE ikishuka na gawio likipanda, mtakuwa mmeona uhamaji ule ule wa Marekani ya 1986, na Hazina ya Nairobi itakuwa imepoteza senti chache katika kila shilingi badala ya kupoteza shilingi nzima.

Takwimu za kulijibu hili zipo, zimo ndani ya mfumo wa iTax, mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya Julai 2023. Naiomba mamlaka ya mapato iziondoe majina na namba za walipa kodi, izifungue kwa vyuo vikuu vyetu. Nanyi wanafunzi mnaotafuta mada ya tasnifu, ombeni takwimu hizo, mzipate za mishahara na za gawio kwa pamoja. Mkipewa upande mmoja tu, msikubali kuandika jibu.